Uchambuzi wa Kisa: Mwongozo wa Mfanyakazi Mpya Uliojaa Hatua na Bado Haukumwongoza Mtu

Kisa hiki kilitokea kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Tanga mjini. Majina yameondolewa, na baadhi ya mambo ambayo yangewatambulisha wahusika yamebadilishwa. Mimi niliitwa kupitia upya mwongozo wao wa kuwapokea wafanyakazi. Ninaowaandikia ni maofisa rasilimali watu, mameneja wa ofisi ndogo, na yeyote aliyewahi kumkabidhi mgeni faili nene na kumwambia, "Soma hilo, ukikwama uliza."

Usuli

Duka lina ofisi ya mbele, kaunta ya mauzo na stoo mbili nyuma. Wanauza bati, nondo, simenti, misumari, rangi na mabomba. Wateja wao wengi ni mafundi na wenye maduka madogo wa Muheza, Pangani na Korogwe. Mzigo unaondoka kwa fuso, kwa kirikuu au, kwa wateja wa karibu, kwa guta. Kazi ya karani wa kaunta inasikika nyepesi ikisimuliwa: anapokea oda, anakata risiti, anaandika hati ya kutolea mzigo, na stoo wanapakia.

Mwongozo uliandikwa mwaka 2016 na mhasibu ambaye alishaondoka. Una kurasa 34. Lazima niseme kwamba haukuwa mwongozo mbaya kwa siku ulipoandikwa. Yule mhasibu alikuwa mtu makini, aliyepanga mambo kwa namba na kutoa maelezo kwa kila fomu. Sura ya "Wiki ya Kwanza" peke yake ilikuwa na hatua 47, kuanzia kuchukua kitambulisho hadi kufunga hesabu za mwezi, na zote ziliandikwa kwa herufi zilezile na kwa uzito uleule.

Mabati ya Pangani

Karani mpya alianza Jumatatu. Siku ya tatu akapokea oda ya simu kutoka kwa mteja wa Pangani anayetaka bati za geji 28. Mwongozo, hatua ya 19, ulisema: "Hakikisha mzigo unalingana na ankara kabla haujatoka." Karani akaenda stoo akakuta marundo mawili yaliyokaa bega kwa bega, yote yanang'aa sawasawa, yote ya urefu wa mita 3. Akamwuliza kuli aliyekuwa karibu, "Kaka, zipi ndizo nzito kidogo?" Akaonyeshwa rundo la kushoto. Yeye akajiambia kwamba 30 ni kubwa kuliko 28, kwa hiyo zilizo nzito ni geji 30, na hizi nyingine nyepesi ndizo 28. Akapakia nyepesi.

Aliyewahi kuuza bati anajua hesabu inakwenda kinyume. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ina unene wa takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3. Ukizishika mkononi tofauti unaihisi, lakini zikiwa zimepangwa rundoni jicho halikusaidii. Namba imepigwa muhuri kwenye ukingo wa bati, na mwongozo haukusema popote pa kuitafuta.

Fundi wa Pangani aligundua alipoanza kupigilia. Kirikuu ikarudi na mzigo, nyingine ikaenda, na nauli za njia zote mbili zikalipwa na duka. Bati chache zilishatobolewa misumari, na hizo hazikuweza kurudi kwenye rundo la kuuzwa kama mpya. Mwenye duka akataka karani aandikiwe barua ya onyo. Msimamizi wa stoo, ambaye ana miaka mingi pale, akamwambia, "Mzee, huyu hakuambiwa. Hata mimi sikumwambia, nilidhani anajua."

Barua haikuandikwa. Badala yake iliamuliwa mwongozo upitiwe.

Mapitio ya kwanza: mezani

Kabla sijaitwa, ofisi ilifanya mapitio yake. Meneja wa ofisi, mhasibu wa sasa na msimamizi wa stoo walikaa asubuhi moja, wakasoma ukurasa baada ya ukurasa na kalamu nyekundu. Kazi yao ilikuwa nzuri kwa aina moja ya kosa, yaani hatua zilizopitwa na wakati. Walizikamata karibu zote.

Hatua ya 4 ilimtaka mfanyakazi achague kati ya fomu ya PPF na ya NSSF. PPF haipo tena. Mwaka 2018 iliunganishwa na PSPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na wafanyakazi wa sekta binafsi wakawekwa NSSF. Kwa muda wote tangu hapo, kila mgeni alikuwa akisoma maelekezo ya kujaza fomu ya mfuko usiokuwepo, kisha mtu wa ofisi anamwambia kwa mdomo, "Hiyo ruka."

Hatua ya 22 ilieleza namna ya kuandika risiti kwenye kitabu cha nakala tatu mashine ya EFD ikiwa imeharibika, na kumalizia, "Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika BATILI, anza nyingine." Siku hizi duka halitumii kitabu hicho kabisa. Hatua ya 31 ilisema fedha za mauzo zipelekwe benki kila siku saa tisa alasiri, wakati sehemu kubwa ya wateja sasa wanalipa kwa simu kupitia lipa namba. Na hatua saba zilimtaja kwa jina mtu ambaye hakuwa tena kazini.

Walifuta, wakasahihisha, wakachapa upya. Mwongozo ukatoka na kurasa 31.

Hapo ndipo waliponiita, kwa sababu karani wa pili aliyeajiriwa baada ya marekebisho hayo alikaa wiki nzima akiuliza maswali yaleyale ya mwenzake. Meneja aliniambia kwa mshangao wa kweli, "Lakini tumeusahihisha wote!" Na kweli waliusahihisha. Walichokosa ni kwamba watu watatu wanaoijua kazi kwa miaka hawawezi, kwa kusoma tu, kuona kile ambacho hakikuandikwa. Jicho lao linapita juu ya "hakikisha mzigo unalingana na ankara" na kichwa kinajazia chenyewe: angalia muhuri wa ukingoni, hesabu, linganisha. Hatua iliyopitwa na wakati inamgonga anayejua kazi, kwa sababu inapingana na anachokifanya kila siku. Maarifa yaliyodhaniwa hayamgongi, maana yanakubaliana naye kabisa.

Mapitio ya pili: mwongozo mkononi

Niliomba mtu asiyejua chochote. Wakati huo walikuwa wamempokea mwanafunzi wa chuo kwa mafunzo kwa vitendo, ambaye hakuwa amewahi kufanya kazi ya duka. Tulimpa mwongozo mpya, tukamwomba aufuate kuanzia getini, hatua kwa hatua, kwa oda halisi lakini bila kumtolea mteja chochote. Msimamizi wa stoo alitembea nyuma yake kwa sharti moja: asiseme neno. Mimi niliandika kila pahali mwanafunzi aliposimama, alipouliza, au alipofanya jambo kwa kubahatisha.

Sharti la kunyamaza lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia. Msimamizi ni mwalimu kwa hulka, mkono ulikuwa unainuka wenyewe kuonyesha. Mara mbili nilimwomba atoke nje kidogo avute hewa.

Mwongozo ulisema, "Nenda Stoo B." Milango ya stoo haina herufi. Wenyeji wanaziita ya bati na ya simenti, na aliyeandika "B" ndiye pekee aliyeijua B. Mwanafunzi akaingia ya simenti.

Mwongozo ulisema, "Mpe Mzee ankara asaini." Mwanafunzi akamwamkia shikamoo mlinzi, akampa. Mlinzi akacheka. Pale dukani wanaoitwa Mzee ni watatu: mwenye duka, mlinzi na dereva wa fuso. Kila mwenyeji anajua kwa sauti ya anayeita ni yupi anayekusudiwa. Mgeni hawezi.

Mwongozo ulisema, "Oda ya nondo ikija kwa tani, toa kwa idadi." Mwanafunzi akasimama mbele ya nondo za milimita 12 akiwa na oda ya tani moja, akageuka kututazama. Msimamizi akauma mdomo. Hesabu yenyewe si siri. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takriban kilo 0.888 kwa mita, na yenye urefu kamili wa mita 12 inafika kilo 10.66, kwa hiyo tani moja ni nondo 93 au 94. Dukani wamezoea 94 kwa mteja wa jumla. Jedwali la namba hizo lipo, limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Mlango ukiwa wazi, na mchana kutwa huwa wazi, jedwali linatazama ukuta.

Halafu tukafika kwenye malipo. Mwongozo uliosahihishwa ulisema vizuri tu: "Mteja akilipa kwa lipa namba, hakikisha malipo yamefika, kisha toa mzigo." Nilijifanya mteja, nikamwonyesha mwanafunzi ujumbe kwenye simu yangu niliouandika mwenyewe, wenye kiasi na namba ya muamala. Akausoma kwa makini, akalinganisha kiasi na ankara, akasema, "Imefika, dada," akaanza kuandika hati ya kutolea mzigo.

Msimamizi hakuweza tena kunyamaza, na kwa hilo sikumlaumu. Dukani kila mtu anajua kwamba ujumbe kwenye simu ya mteja si ushahidi wa lolote. Malipo yanathibitishwa kwenye simu ya ofisi iliyounganishwa na lipa namba, iliyo mezani kwa mhasibu. Waliandika "hakikisha" na hawakuandika uhakikishe wapi.

Mwisho wa zoezi nilikuwa na orodha ndefu, lakini sehemu kubwa ya maswali ilitokana na vitenzi vinne: hakikisha, kagua, linganisha na wasilisha. Kila kimoja kilikuwa kimeficha jibu la wapi, kwa nani, au kwa kutazama nini.

Kuamua kipi kije kwanza

Kuziba mapengo hayo kungeweza kuongeza kurasa kumi nyingine, na wiki ya kwanza ingebaki na hatua zake zote. Ndipo nilipowaomba mwenye duka, mhasibu na msimamizi wa stoo, kila mmoja peke yake, waniambie mambo ambayo mgeni hatakiwi kabisa kuyakosea hadi Jumamosi.

Majibu hayakufanana. Mwenye duka alitaja lugha kwa wateja na kujua bei. Mhasibu alitaja risiti na fedha. Msimamizi alitaja bati, nondo, na mtu kutopanda juu ya rundo. Hapa tatizo la vipaumbele likajieleza lenyewe: mwongozo haukuwa navyo kwa sababu wakubwa hawakuwa wamekubaliana, na yule mhasibu wa 2016 alifanya kitu cha heshima, akaweka kila alichoambiwa na kila mtu.

Tuliwakutanisha, na badala ya kuuliza kipi ni muhimu (vyote ni muhimu, kikao kingekesha) tuliuliza swali moja kwa kila hatua: kosa hili likifanyika Jumatatu, Jumanne linarekebishika? Kusahau bei kunarekebishika, kuna orodha na kuna wenzake. Kutojua utaratibu wa likizo kunarekebishika. Fomu ya sare nayo inaweza kungoja.

Yaliyobaki yalikuwa manne. La kwanza, mzigo uliotoka bila fedha kuthibitishwa kwenye simu ya ofisi, maana kirikuu ikishavuka mji hairudi. La pili, geji ya bati na kipimo cha nondo. La tatu, risiti ya EFD: ikishatoka, taarifa zake zinakwenda TRA, na kosa halifutwi kwa kalamu kama kwenye kitabu cha zamani, linapita kwa mhasibu kwa utaratibu wake. La nne, usalama stoo, yaani viatu vigumu, kutosimama kwenye ncha za nondo zinaposhushwa, na kutochomoa mfuko wa simenti kutoka chini ya rundo.

Mhasibu aliongeza la tano ambalo halikutokana na swali letu, nami nilikubaliana naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi. Dukani barua zilikuwa zikitoka "ukishaonekana unafaa." Kwa hiyo barua na usajili wa NSSF vikawekwa Jumatatu asubuhi, kabla ya kitu kingine.

Wiki ya kwanza ikawa ukurasa mmoja. Jumatatu ni barua, usajili na kutembezwa stoo na viatu miguuni. Jumanne mgeni anashika bati kwa mkono wake, anasoma mihuri, anahesabu nondo kwa jedwali, na hauzi chochote. Jumatano anakaa kwa mhasibu akitazama malipo yanavyoingia. Alhamisi anakata risiti mhasibu akiwa pembeni. Ijumaa na Jumamosi anahudumia kaunta, ila kila hati ya kutolea mzigo inasainiwa pia na msimamizi. Hatua nyingine zote zilisogezwa wiki ya pili hadi ya nne, na zile zilizobaki kuwa maelezo tu, kama historia ya duka, zikaenda nyuma kabisa.

Matokeo

Karani aliyefuata alipita wiki yake bila mzigo kurudi. Siwezi kudai ni kazi ya ukurasa ule peke yake, kwa kuwa alikuwa amewahi kufanya kazi duka la vifaa huko Korogwe, na geji alizijua. Kipimo cha haki zaidi kwangu kilikuwa aina ya maswali. Alipouliza, aliuliza mambo ya wiki ya pili: punguzo, wateja wa mkopo, simenti iliyoshika unyevu. Hakuna aliyemsikia akiuliza Stoo B ni ipi, maana milango ilipigwa rangi herufi kubwa siku ileile ya zoezi. Jedwali la nondo lilichapwa na kuwekwa ndani ya jalada gumu kaunta.

Upande mwingine haukwenda vizuri. Nakala ya zamani ya kurasa 34 ilibaki kwenye droo ya stoo, na kibarua mmoja aliyepandishwa kuwa msaidizi alikabidhiwa hiyo. Alikuja ofisini kuulizia fomu ya PPF. Pia ule ukurasa mmoja ulianza kunenepa. Mwenye duka aliongeza mstari wa usafi wa kaunta, mhasibu akaongeza wa taarifa ya jioni, na nilipopita tena kuwasalimu mambo matano yalikuwa yamefika kumi na moja.

Uchambuzi

Mapitio ya mezani hayakuwa kazi bure. Kwa hatua zilizopitwa na wakati, wenyeji wenye kalamu nyekundu wanatosha, na ni haraka. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mapitio hayo yamemaliza kazi. Kama una siku moja tu ya kupitia mwongozo, ningeitumia kwa mtu asiyejua na mwenyeji aliyezuiwa kusema, kwa sababu makosa ya zamani wenyeji watakwambia hata kwenye chai, lakini lile la lipa namba lisingetajwa na mtu yeyote.

Zoezi hilo lina mipaka yake. Mwanafunzi alifuata oda ya kawaida. Hakukutana na mteja mkali, umeme uliokatika, wala mvua inayonyesha wakati simenti iko kwenye gari. Kwa hali kama hizo mgeni mmoja kwa asubuhi moja hatoshi, na msimamizi ilibidi azisimulie mwenyewe tukaziandika.

Kuhusu kuzeeka kwa mwongozo, tuliweka chini ya kila ukurasa cheo cha anayeuangalia na tarehe ya mara ya mwisho kuthibitishwa. Tuliweka cheo, bila jina, kwa sababu ya zile hatua saba. Hii ilisaidia ofisini. Stoo haikusaidia, kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kukusanya nakala za zamani, na nakala ya zamani haina tarehe ya kumshtua anayeisoma. Ukichapa mpya, mtu mmoja apewe jukumu la kuzunguka na kuzichana za zamani, droo kwa droo.

Ukurasa ulionenepa ni suala la mamlaka, wala si la uandishi. Swali la "Jumanne linarekebishika?" lilifanya kazi tulipokuwa wote chumbani. Halikuandikwa juu ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo aliyetaka kuongeza mstari hakulazimika kulijibu. Sasa limeandikwa, na mstari mpya unaingia tu kama mwingine umetoka.

Jambo moja tuliliacha bila kuandikwa kwa makusudi. Punguzo la bei kwa wateja wa jumla ni elimu ya mwenye duka, iko kichwani mwake, na alisema wazi kwamba haitakwenda kwenye karatasi ambayo kesho inaweza kuonekana kwa jirani. Nilimwelewa. Kwenye ukurasa wa wiki ya kwanza tukaweka mstari unaosema: "Mteja akiomba punguzo, usikubali na usikatae. Mwambie asubiri kidogo, kisha muulize mwenye duka. Kama hayupo, msimamizi wa stoo anaruhusiwa kumpigia simu."